Saa Nane ya Dokta Annika

Ukifika Ifakara ukauliza pale Kibaoni ni nani anayefundisha wageni Kiswahili, utaelekezwa kwa Mwalimu Eustaki, na anayekuelekeza lazima acheke kidogo. Anachochekea ni ile saa yake. Mwalimu aliichonga mwenyewe kwa ubao laini, duara pana kama ungo wa kupetea mchele, akaandika namba moja mpaka kumi na mbili, na katikati akafunga waya mmoja uliovuka duara zima. Upande mmoja wa waya aliupaka rangi nyekundu, wa pili bluu. Nyekundu inasoma saa ya Kiingereza, bluu inasoma saa ya Kiswahili. Nyekundu ikikaa kwenye saba, bluu iko kwenye moja. Nyekundu ikikaa kwenye kumi na mbili, bluu iko kwenye sita. Hakuna kujumlisha wala kutoa, na dakika haziguswi.

Alijivunia ubao ule kuliko cheti chake cha ualimu. Alikuwa ameutumia kwa mapadri wageni, wanafunzi wa udaktari na watafiti wa mbu, ambao katika bonde la Kilombero hawaishi kuja. Wote aliwafundisha kwa maneno yale yale: sisi tunahesabu jua likichomoza, ninyi mnahesabu watu wakiwa wamelala. Kisha anawaambia jambo la pili, kwamba saa peke yake haitoshi, uitaje na kipande cha siku: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Na alikuwa na jambo la tatu ambalo hakulifundisha darasani, alikuwa nalo moyoni tu. Mgeni akikutajia saa kwa Kiswahili, usimwamini. Igeuze.

Jambo hilo la tatu lilimsaidia miaka mingi. Mgeni akimwambia "tuonane saa nne jioni," Eustaki anajua ni saa kumi. Mgeni akisema basi linaondoka saa sita asubuhi, Eustaki anamwambia aamke alfajiri, basi ni la saa kumi na mbili. Aliwaokoa wengi. Kwa hiyo mtu asimshangae sana kwa alichokifanya Namawala. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alijishangaa vya kutosha kwa niaba ya wote.

Namawala ndiko kwao. Mama yake, Bibi Eufrasia, alikuwa bado anaishi kule, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo madirisha yake yalikuwa matundu tu, na kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya wa kupitisha mkono. Mbu waliingia humo bila hodi. Mwaka hadi mwaka Eustaki alimwahidi mama yake kwamba ataweka nyavu, na mwaka hadi mwaka alirudi Kibaoni akiwa amebeba mchele wa mama na kuacha ahadi ile ile.

Sasa ulikuwa umekuja mradi wa kuweka nyavu kwenye madirisha na kuziba mianya ya nyumba zote za kijiji kimoja. Kiongozi wake alikuwa Dokta Annika, mwanamke mrefu mwenye kucheka haraka, na alikuwa mwanafunzi wa Eustaki kwa muda wa kutosha kuweza kubishana na wauza samaki wa Kivukoni. Ni Eustaki aliyemtajia Namawala, akaitaja tena, mpaka dokta akakubali. Lakini palikuwa na sharti: mkutano wa kijiji uitishwe, ujae, watu waridhie wenyewe. Usipojaa, mradi unahamia kijiji kingine ambacho tayari kilikuwa kinausubiri kwa hamu.

Bibi Eufrasia alipopata habari alitembea nyumba hadi nyumba. "Mwanangu ndiye anauleta," alisema. Kwa miaka mingi majirani walikuwa wamemtania kwamba mwanawe hakuona kazi nyingine ya kufanya duniani ila kufundisha watu wazima kuongea. Safari hii alitembea kichwa juu.

Jumanne dokta alituma ujumbe kwenye simu: "Mwalimu, shikamoo. Alhamisi tutafika Namawala saa nane mchana. Tafadhali uwaambie wananchi."

Eustaki aliusoma akiwa barazani kwake, akatabasamu. Saa nane! Maskini, bado anaota kwa Kiingereza. Maana yake ni saa mbili asubuhi. Hilo neno "mchana" lilimkwamisha kidogo, kusema kweli, kama punje ya mchanga katikati ya wali. Akatafuna akameza. Kwa mzungu, alijiambia, mchana ni wakati wowote jua linapowaka. Na tena wazungu ni watu wa asubuhi. Hakumpigia kumuuliza. Mwalimu mzima amuulize mwanafunzi saa ngapi? Akampigia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kelestini.

"Shikamoo mzee. Alhamisi, saa mbili asubuhi."

"Marahaba. Mwalimu, huu si msimu wa mavuno? Saa mbili watu wako majarubani wanakata mpunga."

"Ndiyo ratiba ya wenzetu, mzee. Hawa wakisema wamesema."

"Una hakika na hiyo saa? Wageni saa zao zinajulikana."

"Mzee," Eustaki alisema, na baadaye alikuwa akilikumbuka neno hili akiwa peke yake bafuni na kuguna, "kama kuna kitu duniani nina hakika nacho, ni saa."

Jumatano alipanda bodaboda na ubao wake mgongoni, akalala kwa mama. Usiku mbu walimkumbusha ahadi zake zote, mmoja baada ya mwingine.

Alhamisi asubuhi rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye uwanja wa shule iligongwa, na watu wakaja. Walikuja kwelikweli. Wanawake waliacha mpunga umelala haujafungwa, wanaume walikuja na miundu mikononi. Limbu, mkulima wa Kisukuma mwenye majaruba makubwa kuliko wote, alikuja na vibarua wake wote, maana hakutaka wabaki shambani wakipiga soga. Bibi Eufrasia alikaa mstari wa mbele katika kitenge kipya, na pembeni yake palikuwa na sufuria la wali na kambale wa kukaanga kwa ajili ya wageni. Saa mbili ilifika. Gari halikufika.

"Barabara," Eustaki alisema. Watu waliijua barabara yao, wakamkubalia.

Saa tatu ilipokaribia, alimpigia dokta. Simu ilikuwa imezimwa. Vibarua walianza kunong'ona. Eustaki, kwa kuona watu wanachoka, akafanya jambo ambalo katika mambo yote ya siku ile ndilo lililomchoma zaidi baadaye. Alitoa ubao wake akaanza kufundisha.

Na alifundisha vizuri! Aliwaeleza wananchi jinsi wazungu wanavyoanza siku usiku wa manane, hali hakuna mtu aliye macho kuishuhudia. Alizungusha waya. "Nyekundu kwenye nane, bluu wapi?" Umati ukaitikia: "Mbili!" "Sasa mzungu akikuambia kwa Kiswahili saa nane, anamaanisha nini?" "Mbiliii!" Watu walicheka sana, na vibarua wa Limbu walicheka kuliko wote. Akawasimulia wageni waliokosa mabasi, na padri mmoja aliyefika kwenye harusi wakati maharusi wameshaondoka. Watoto walishika matumbo. Bibi Eufrasia alimtazama mwanawe kwa fahari iliyomjaa machoni, akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Unaona? Hiyo ndiyo kazi yake."

Lakini kicheko hakivuni mpunga. Jua lilipanda. Saa nne Limbu alisimama.

"Mwalimu, nimeelewa kwamba nane ni mbili. Sasa nieleze, na nne ni nini? Maana sasa ni saa nne, na kwa hesabu yoyote ile, yako au ya mzungu, huyu mtu hayupo."

Akaondoka na vibarua wake. Wengine wakafuata, kwanza wawili wawili, halafu makundi. Mama mmoja akampita Bibi Eufrasia akasema kwa upole, upole ule unaouma kuliko tusi, "Pole mama Eustaki. Labda mwakani." Ilipogonga saa tano walikuwa wamebaki Mzee Kelestini, wazee wachache wasiokuwa na shamba la kukimbilia, na Bibi Eufrasia aliyekuwa akifukuza nzi kwenye sufuria.

Kabla kidogo ya saa saba, simu ya Eustaki ilitoa mlio. "Samahani Mwalimu, nilizima simu, nilikuwa kikaoni wilayani. Tumeshatoka Ifakara. Saa nane tutakuwa hapo kama nilivyosema."

Alisoma mara moja. Kisha akarudi kwenye ujumbe wa Jumanne, akausoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Saa nane mchana. Kiswahili safi. Kipande cha siku kimetajwa, kama alivyofundishwa. Hakukuwa na kosa hata la kutia kalamu nyekundu. Mwanafunzi wake alikuwa amefaulu, na mtu pekee katika wilaya nzima aliyekataa kuamini ni mwalimu wake. Alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni.

"Wanasemaje?" mama yake aliuliza.

"Wako njiani," alisema. Akatia simu mfukoni.

Gari lilifika, na hakuna haja ya kusema lilifika saa ngapi. Dokta Annika aliteremka akitabasamu, akaona uwanja mtupu, madawati, sufuria na wazee wachache. Tabasamu likapungua.

"Shikamooni wazee. Watu wako wapi?"

"Marahaba," Mzee Kelestini alijibu. Alikuwa mtu wa adabu, lakini alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto tangu asubuhi. "Watu walikuwapo, dokta. Walikusubiri tangu saa mbili. Wamekwenda."

"Saa mbili?" Annika alimgeukia Eustaki. "Mwalimu, niliandika saa mbili?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi kubwa, lori la mpunga lingepita. Eustaki alikohoa.

"Pengine," alisema, "kulitokea mkanganyiko wa saa."

Mkanganyiko wa saa! Kana kwamba mkanganyiko ni kitu kama mvua, kinanyesha chenyewe bila mtu. Mzee Kelestini alitikisa kichwa kwa huruma, akamwambia dokta, "Usijali mama, wageni wote huwa hivyo." Dokta Annika akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Nilikosea tena," alisema taratibu. "Nilichagua saa nane ili watu wamalize kwanza kazi ya shamba. Nilidhani sasa nimezielewa." Kisha akamgeukia Eustaki na kuendelea kwa Kiingereza, lugha ambayo walikuwa wamekubaliana kutoitumia kati yao tangu mwaka uliopita. Alimwomba amtafsirie kwa siku hiyo. Hakutaka kuharibu zaidi.

Eustaki aliitikia kwa kichwa.

Mzee Kelestini aligonga rimu tena, aligonga mpaka mkono ukamlegea. Polepole watu wakaanza kutokea. Kumbe ilikuwa saa yenyewe: jua lilikuwa kali, watu walikuwa wameacha kukata, wamekula, wanapumzika vivulini. Walikuja wakiburuta miguu na nyuso zimenuna, lakini walikuja. Limbu naye alikuja, akakaa nyuma na kukunja mikono. Uwanja ulijaa karibu kama asubuhi, ila asubuhi watu walikuja na furaha.

"Mzungu kapotea saa," mtu mmoja alisema, na kicheko kikapita. "Kama alivyosema Mwalimu asubuhi!" mwingine akadakia. "Nane ni mbili!" Vibarua wakaitikia kwa pamoja, "Mbiliii!" Dokta Annika alielewa kila neno. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Alipopewa nafasi alisimama akazungumza kwa Kiingereza, sauti ndogo. Alisema anaomba radhi kwa kijiji kizima. Alisema kosa ni lake peke yake, kwamba bado anajifunza, kwamba alidhani ameziweza saa za Kiswahili kumbe bado, na kwamba anaelewa kama watu wamekasirika na hawautaki tena mradi. Kisha akakaa, na macho yote yakahamia kwa Eustaki.

Eustaki alisimama. Maneno yalikuwa mepesi kuyatafsiri, mwanafunzi wa mwezi wa pili angeyaweza. Angeyasema, watu wangesamehe, maana nani asiyemsamehe mgeni? Mama yake angebaki na fahari yake. Ubao ungebaki ukutani Kibaoni. Kila kitu kingekaa mahali pake, isipokuwa mwanamke mmoja ambaye asingethubutu tena kutaja saa mbele ya watu.

"Dokta anasema anaomba radhi," alianza. "Anasema kosa ni lake. Anasema..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Anasema uongo," Eustaki alisema.

Mzee Kelestini aligutuka. Annika aliinua kichwa.

"Hajui kama ni uongo, lakini ni uongo. Ngoja niwasomee." Akatoa simu, akasoma kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa imla. "'Mwalimu, shikamoo. Alhamisi tutafika Namawala saa nane mchana. Tafadhali uwaambie wananchi.' Jamani, mtu akikuambia saa nane mchana, ni saa ngapi?"

Watu wakatazamana. Walihofu ni mtego mwingine wa ubao.

"Ni saa nane mchana!" Eustaki alipaza sauti. "Basi! Ni saa nane mchana, wakati huu huu, jua pale lilipo. Dokta alisema Kiswahili kama ninyi. Mimi niliyemfundisha ndiye sikumsadiki. Nikakitwaa Kiswahili chake kizuri nikakitafsiri kwa Kiswahili. Halafu nikawaita hapa mkaacha mpunga, na mzungu wa watu hayupo nikamcheka mbele yenu, na nikawafundisha na ninyi kumcheka. Alipofika akaniuliza kama alikosea, nikamwambia kulitokea mkanganyiko. Mkanganyiko ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, ana miwani na ubao."

Eustaki hakuthubutu kumtazama mama yake. Alimtazama Annika badala yake, akamwambia, "Samahani dokta. Ulipata mia kwa mia. Aliyefeli ni mwalimu."

Aliyeanza kucheka alikuwa Limbu. Kilianza kama kikohozi kule nyuma, kikawa kicheko cha tumbo zima, akapiga paja. "Kakitafsiri kwa Kiswahili!" Vibarua wakafuata, wanawake wakafuata, na Mzee Kelestini akavua kofia akajifuta macho. Walimcheka Eustaki kwa asubuhi ile yote iliyopotea, wakamcheka mpaka deni likaisha. Mtu alinyanyua ubao juu kama ngao, na watoto wakapiga kelele, "Bwana Nyekundu! Bwana Bluu!" Eustaki alisimama pale akachekwa. Iliuma, na pamoja na kuuma alijisikia mwepesi, akajikuta naye anacheka, kwa kuwa kweli alikuwa kichekesho na hakukuwa na haja ya kubisha.

Annika alisimama tena bila kuitwa. Safari hii hakumtazama mtafsiri. "Jamani," alisema kwa Kiswahili, "mimi nimekuja kuzungumza habari za mbu. Mwalimu tumwache apumzike, amefanya kazi sana tangu asubuhi." Watu wakalipuka upya. Akaeleza nyavu, akaeleza mianya, akajibu maswali ya wanawake mmoja mmoja, na mahali alipokosa neno aliuliza mtu aliye karibu. Mikono ya kukubali iliponyooshwa, hata ya Limbu ilikuwa juu, na katika mstari wa mbele mkono wa Bibi Eufrasia ulikuwa umenyooshwa kabla swali halijaisha.

"Mafundi wa kupima madirisha watakuja lini?" Mzee Kelestini aliuliza.

"Jumatatu," Annika alisema. "Tutaanza na nyumba ya Bibi Eufrasia. Saa mbili asubuhi."

Uwanja mzima ukamgeukia Eustaki. Alikuwa ameshafungua mdomo, kwa mazoea tu. Bibi Eufrasia alinyoosha mkono ule ule wa kura akamshika kwenye kiwiko, kama alivyokuwa akimshika kanisani akiwa mdogo.

"Mwanangu," alisema, "hiyo iache hivyo hivyo."

Akaiacha. Mama yake akafunua sufuria, akampakulia dokta wali na kambale wa tangu asubuhi, akatafuta sahani nyingine, akapakua nusu ya kiasi kile na kumpa mwalimu.